Juu ya Kuandika Kanuni za Mchezo Mpya wa Karata

Michezo ya karata hujifunzwa kwa kutazama. Mgeni huketi nyuma ya mchezaji, huona karata zikigawiwa na kuliwa, huuliza jambo moja au mawili, na siku ya pili hupewa nafasi acheze. Akikosea hukatazwa papo hapo. Bao nalo hufundishwa vivyo hivyo, na hata mambo yake magumu, kama vile tofauti ya kunamua na mtaji, hayakungoja kitabu ndipo yajulikane. Mafundisho ya mdomo hayana haja ya kukamilika, kwa sababu mwenye kujua yupo, na neno lililopungua hulitimiza wakati linapotakiwa.

Mchezo mpya hauna mwenye kujua ila mtungaji wake, naye hawezi kuketi katika kila baraza. Kitabu cha kanuni ndicho kinachoketi mahali pake, na kitabu hakijibu swali ambalo hakikuandikiwa. Ni kweli kwamba vitabu vya michezo vya zamani vilikwepa shida hii. Edmond Hoyle, Mwingereza ambaye jina lake limekuwa kama methali katika habari za karata, alipotoa mwaka 1742 kijitabu chake juu ya mchezo wa wisti, aliwaandikia watu waliokwisha kujua kuucheza. Aliwafundisha kushinda, hakuwafundisha kuanza. Mtungaji wa mchezo mpya hana wasomaji wa namna hiyo.

Ili jambo hili lionekane waziwazi, hapa patachukuliwa mchezo mmoja wa mfano, uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya na kuitwa Mbadala. Asili yake ni mchezo wa wahed-u-sitini, yaani wa sitini na moja. Karata zinazotumika ni 40, baada ya kuondolewa Nane, Tisa na Kumi za kila aina. Ree ina alama 11, Seti alama 10, Mfalme 4, Ghulamu 3 na Malkia 2. Zilizobaki hazina alama. Kwa hiyo kila aina ina alama 30, na aina zote nne zina alama 120. Nusu yake ni 60, na mwenye kupata 61 amekwisha kumshinda mwenzake. Ndiyo maana ya lile jina. Mbadala huchezwa na watu wawili, watatu au wanne, kila mtu kwa nafsi yake. Kila mmoja hushika karata tatu, na baada ya kila mzunguko huvuta nyingine. Upya wake umo katika mambo mawili tu. La kwanza, mwenye Mbili ya turufu aweza kuitoa na kuichukua badala yake karata ya turufu iliyofunuliwa mezani. La pili, aonaye kuwa amefikisha 61 aweza kudai ushindi kabla mchezo haujaisha. Dai likiwa la kweli hupata mabao mawili badala ya moja, na likiwa la uongo hushindwa.

Mchezo huu waweza kuelezwa kwa maneno hayo machache, na msikilizaji akadhani ameuelewa. Lakini maneno hayo hayatoshi kuuchezea hata mara moja bila ubishi.

Ubishi wa kwanza ni wa majina. Maneno ya karata katika Kiswahili mengi yalitoka katika Kireno: kopa, uru, shupaza, pau, turufu, seti. Haya yamekwisha kukaa katika lugha na hayana taabu. Taabu imo katika maneno ya kawaida yanayofanya kazi mbili. Kamusi za zamani huzitaja karata zenye sura za watu kwa jina la mzungu: Malkia ni mzungu wa pili, Ghulamu ni mzungu wa tatu, na Mfalme ni mzungu wa nne. Hesabu hizo zalingana na alama zao, 2, 3 na 4, na mchezaji wa wahed-u-sitini hapotei kwa majina hayo. Bali msomaji asiyejua asili yake huelewa kinyume, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku wa pili hutangulia wa nne. Neno kubwa nalo halifai. Seti ni kubwa kuliko Mfalme kwa alama, lakini Mfalme ni mkubwa kwa heshima, na Sita ni kubwa kuliko Mbili kwa hesabu ingawa zote mbili hazina alama hata moja. Afadhali kitabu kiseme karata fulani i juu ya fulani, kitoe mpangilio mmoja tangu juu hadi chini, na kisilitumie neno kubwa tena. Mpangilio huo ni Ree, Seti, Mfalme, Ghulamu, Malkia, Sita, Tano, Nne, Tatu, Mbili.

Mkono ni neno jingine la hatari, maana laweza kufahamika kuwa karata alizoshika mtu, au karata zilizochezwa na kuliwa mara moja, au mchezo mzima tangu kugawa hadi kuhesabu. Katika kanuni za Mbadala, mkono ni karata alizoshika mtu, basi. Karata zilizochezwa na wachezaji wote, kila mmoja moja, zaitwa fungu, na aliyezishinda ndiye mlaji wa fungu. Si lazima majina haya yawe mazuri. Lazima kila moja liwe na maana moja, na maana hiyo itajwe mara ya kwanza neno linapotumika.

Jina la karata yenyewe laweza kumpoteza msomaji. Mwenye kusema karata mbili za turufu ana karata mbili mkononi, na mwenye kusema karata ya pili anahesabu mfuatano. Karata yenye alama mbili juu ya uso wake ni kitu kingine tena. Hapo upatanisho wa Kiswahili huokoa kazi: Mbili ya turufu aibadili, karata mbili za turufu azibadili. Herufi kubwa husaidia macho, lakini ya na za, i na zi, hulisaidia hata sikio la yule anayesomewa kanuni na mwenzake, na aghalabu ndivyo kanuni zinavyotumika: mmoja husoma, wengine husikiliza.

Baada ya majina huja vitenzi, na hapa mwandishi wa Kiswahili ana vyombo vingi kuliko anavyodhani. Kanuni hunena mambo ya namna tatu: yaliyo wajibu, yaliyo ruhusa, na yaliyo maelezo tu. Mtu akiandika, Mchezaji huvuta karata, amesimulia desturi. Msomaji hajui kama asipovuta amevunja kanuni au ameacha haki yake. Wajibu una umbo lake, nalo ni avute. Ruhusa ina lake, aweza kuvuta. Katazo ni asivute. Hawezi kuvuta halifai kuwa katazo, kwa maana laweza kumaanisha kuwa hana namna ya kuvuta kwa sababu karata zimekwisha. Umbo la hu- libaki kwa maelezo peke yake, kama vile, Mchezo huisha upesi wakiwa wachezaji wawili. Kitabu kikishika mpango huu tangu ukurasa wa kwanza, msomaji huuzoea bila kuambiwa.

Lililo gumu zaidi ni wakati. Andiko la kwanza la Mbadala laweza kusema hivi juu ya kubadili: Mchezaji akila fungu aweza kuibadili Mbili ya turufu. Silabi -ki- yabeba sharti na wakati pamoja, nayo haisemi mwisho wa wakati huo. Je, aweza kubadili mara tu akila? Baada ya kuvuta karata nyingine? Baada ya wenzake kuvuta? Tofauti si ndogo. Akiruhusiwa baada ya kuvuta, Mbili aliyoivuta sasa hivi yaweza kutumika papo hapo. Akizuiliwa, hana budi kula fungu jingine kwanza. Kiswahili chaweza kulifunga jambo hili pande mbili: Mchezaji akiisha kula fungu, na kabla hajavuta, aweza kuibadili. Akiisha yafunga mwanzo, na hajavuta yafunga mwisho. Umbo hili la -ja- ni hazina kwa mwandishi wa kanuni, kwa kuwa lasema kwamba jambo halijatokea na latazamiwa kutokea.

Lakini neno hilo la kutazamiwa ndilo litakaloleta hitilafu, kama itakavyoonekana mbele. Kwanza yafaa kushughulika na matayarisho.

Matayarisho ndiyo sehemu inayoandikwa kwa haraka kuliko zote, kwa kuwa mtungaji ameyafanya mara nyingi hata hayaoni tena. Hesabu ya Mbadala yaonyesha kwamba haraka hiyo hulipwa mwishoni. Wakicheza watu wawili, karata 6 hugawiwa na 34 hubaki mezani. Kila baada ya fungu huvutwa mbili, basi baada ya mara 17 zimekwisha sawasawa. Wakicheza wanne, 12 hugawiwa na 28 hubaki, ambazo huisha kwa mara 7. Wakicheza watatu, 9 hugawiwa na 31 hubaki. Baada ya kuvuta mara 10 kunabaki karata moja mezani, nayo ndiyo ile turufu iliyofunuliwa, na watu watatu wanaitazama. Hakuna aliyekosea, kila mmoja ametii kila neno, na mchezo umekwama.

Dawa ya upesi ni kuandika kanuni mwishoni: ikibaki karata moja, aichukue mlaji wa fungu lililopita. Lakini huyo atakuwa na karata nne na wenzake tatu, basi yatakiwa kanuni nyingine juu ya karata yake ya mwisho, ambayo haina mwenzi wa kuchezewa. Dawa iliyo bora imo mwanzoni: wakiwa watatu, iondolewe karata moja isiyo na alama, zibaki 39. Zikigawiwa 9 hubaki 30, nazo huisha kwa mara 10. Jambo lililoonekana kuwa tukio la nadra la mwisho wa mchezo lilikuwa kosa la matayarisho.

Ni karata gani itakayoondolewa? Desturi ya michezo mingi ni kuondoa iliyo chini kabisa, na andiko la pili laweza kusema: wakiwa watatu, waondoe Mbili moja. Kanuni hii ni wazi, na ile ya kubadili Mbili ya turufu ni wazi, tena zimeandikwa kurasa mbalimbali na kila moja yasomeka vizuri. Zikikutana zaharibiana. Ikiwa iliyoondolewa ni Mbili ya uru, na turufu ikatokea kuwa uru, hakuna mtu awezaye kubadili, na lile jambo lililoupa mchezo jina lake limetoweka. Wala hili si la nadra. Katika karata 39 zilizobaki, 9 ni za uru, basi laweza kutokea karibu mara moja katika kila michezo minne. Kosa la namna hii halionekani kwa kusoma kanuni moja moja hata mara mia. Huonekana kwa kuichukua karata moja, kama hiyo Mbili, na kuiuliza kila ukurasa unasema nini juu yake. Katika Mbadala dawa ni nyepesi: iondolewe Tatu ya uru, ambayo haina kazi maalumu popote. Aina itajwe kwa jina, ili wachezaji wasikae kushauriana.

Yapasa pia kusema nani afanyaye kila jambo. Ondoa karata fulani, isemwapo kwa watu watatu, haimwamuru yeyote. Matayarisho ya Mbadala basi yaweza kuandikwa hivi:

"Mgawaji aondoe katika karata 52 Nane zote, Tisa zote na Kumi zote, jokari zisitumike. Wakiwa wachezaji watatu, aondoe pia Tatu ya uru. Achanganye zilizobaki, na aliye kushoto kwake azikate. Amgawie kila mchezaji karata tatu, moja moja, akianza na aliye kulia kwake na kumaliza na nafsi yake. Aifunue karata ifuatayo na kuilaza mezani. Aina yake ni turufu ya mchezo huo. Karata zilizosalia aziweke juu yake, zimefunikwa, kwa namna ambayo iliyofunuliwa itaonekana nusu. Karata hizi zote, pamoja na iliyofunuliwa, zaitwa rundo. Rundo livutwe toka juu. Karata iliyofunuliwa ni ya mwisho kuvutwa."

Maneno pamoja na iliyofunuliwa yaonekana kuwa ya bure, lakini bila hayo hesabu yote iliyotangulia yavunjika. Watu wawili wakidhani kwamba turufu hukaa mezani hadi mwisho, rundo lao litakuwa na karata 33, na siku moja mmoja atavuta na mwenziwe asipate.

Sasa zamu yenyewe. Ilionekana hapo juu kwamba kubadili kwaweza kufungwa kwa maneno akiisha kula fungu na kabla hajavuta. Dai la ushindi nalo laweza kuwekwa mahali hapo hapo, kwa maneno hayo hayo: Mlaji, kabla hajavuta, aweza kudai. Kwa sehemu kubwa ya mchezo kanuni hii yafanya kazi barabara. Kisha rundo laisha. Wachezaji wana karata tatu tatu mkononi, na mafungu matatu ya mwisho huchezwa bila kuvuta. Mlaji wa fungu la kwanza kati ya hayo matatu amefikisha alama 63 na anataka kudai. Mwenzake asema, Kanuni yakuruhusu kabla hujavuta, nawe huna cha kuvuta, basi huna wakati wa kudai. Mlaji ajibu, Sijavuta, wala sitavuta, basi wakati wangu haujaisha. Wote wawili wameisoma kanuni vizuri. Lile umbo la -ja- lililosifiwa lilitegemea tukio linalotazamiwa. Tukio lilipoondoka, mpaka nao ukaondoka. Na ubishi huu watokea hasa katika mafungu hayo, kwa sababu ni wakati huo alama nyingi zimekwisha kuliwa na dai lina thamani.

Mtu aweza kuiponya kanuni kwa kuongeza maneno: kabla hajavuta, au, ikiwa rundo limekwisha, kabla hajacheza karata ya kwanza ya fungu lifuatalo. Maneno hayo ni sahihi, lakini yatalazimika kurudiwa kila mahali, na kila rudio ni nafasi ya kusahau. Iliyo bora ni kuacha kuufunga wakati kwa tukio na kuufunga kwa hatua yenye jina, ambayo ipo hata kama hapana cha kufanywa ndani yake. Mzunguko wa Mbadala wagawanyika katika hatua nne: Kucheza, Kula, Kunena, Kuvuta.

"Kucheza. Mwenye kuanza acheze karata moja aitakayo. Kila mmoja wa wenzake, kwa kufuata upande wa kulia, acheze moja aitakayo. Si lazima kufuata aina ya karata ya kwanza.

"Kula. Ikiwa mna turufu katika fungu, mlaji ni aliyecheza turufu iliyo juu ya nyingine zote. Ikiwa hamna, mlaji ni aliyecheza karata iliyo juu kuliko zote za aina ya karata ya kwanza. Mlaji aliweke fungu mbele yake, limefunikwa. Asilitazame tena mtu yeyote hadi mwisho wa mchezo.

"Kunena. Mlaji peke yake aweza kubadili, aweza kudai, aweza kufanya yote mawili, aweza kunyamaza. Hatua hii haipo baada ya fungu la mwisho.

"Kuvuta. Ikiwa rundo halijaisha, mlaji avute karata moja, kisha kila mwenzake moja, kwa kufuata upande wa kulia. Ikiwa limekwisha, hatua hii irukwe. Kisha mlaji aanze fungu jipya."

Mfano mmoja hufaa hapa kuliko maelezo marefu, nao uwe wa jambo linalopingana na mazoea. Turufu ni uru. Wa kwanza acheza Mfalme wa kopa, wa pili Ree ya pau, wa tatu Mbili ya uru. Wa tatu ala fungu na kupata alama 15, nne za Mfalme na kumi na moja za Ree. Kama angecheza Tano ya shupaza, mlaji angekuwa wa kwanza, kwa maana Ree ya pau si turufu wala si ya aina iliyoanza. Wanaojifunza hudhani Ree haishindwi, na mfano huu huwatoa katika dhana hiyo mapema.

Angalia pia kwamba kuisha kwa rundo kumeandikwa ndani ya hatua yenyewe. Rundo huisha katika kila mchezo, basi haliwezi kuitwa tukio la nadra, na si haki kumpeleka msomaji nyuma ya kitabu kulitafuta. Nyuma ya kitabu hukaa yale tu ambayo mtu aweza kucheza jioni kadhaa asikutane nayo.

Hayo nayo si yote yanayohitaji kanuni. Yako maswali ambayo msomaji mwerevu atayauliza, na kanuni zilizopo zimekwisha kuyajibu. Itakuwaje ikiwa karata iliyofunuliwa ndiyo Mbili yenyewe? Kwa wachezaji wawili au wanne hili laweza kutokea mara moja katika kumi. Hakuna aliye nayo mkononi, basi hakuna wa kubadili. Mwisho atakayeivuta ataipata wakati hapana tena karata iliyofunuliwa. Hapahitajiki kanuni, yatosha maelezo ya mstari mmoja. Je, yaruhusiwa kubadili kabla ya mvuto wa mwisho, ili mwenzako apate Mbili badala ya Ree? Yaruhusiwa, kwa kuwa hatua ya Kunena ipo na karata iliyofunuliwa ingaliko. Mwandishi mwoga angeongeza hapa sharti kwamba pabaki angalau karata moja iliyofunikwa. Lakini kabla ya mvuto wa mwisho hubaki iliyofunikwa moja kwa wachezaji wawili, mbili kwa watatu, tatu kwa wanne, haikosekani kamwe. Sharti lisiloweza kuvunjwa humfanya msomaji atafute siku litakapovunjwa, naye hudhani kuna jambo hakulielewa.

Je, watu wawili waweza kudai pamoja kwa haki? Mara 61 mbili ni 122, na alama zote ni 120. Isitoshe, mlaji peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kunena. Je, kubadili kutangulie kudai, au kudai kutangulie? Karata iliyobadiliwa hukaa mkononi na haihesabiwi katika mafungu yaliyoliwa, basi utaratibu wake haugeuzi kitu. Mahali ambapo utaratibu haugeuzi matokeo, kitabu kisiamuru utaratibu.

Sare ni jambo jingine. Wawili waweza kupata 60 kwa 60. Watatu waweza kupata 40 kila mmoja, na asiyesadiki aweza kuzipanga karata mezani: wa kwanza Ree tatu, Mfalme mmoja na Ghulamu mmoja, wa pili Seti zote nne, wa tatu Ree moja, Wafalme watatu, Maghulamu watatu na Malkia wanne. Hesabu ya kila mmoja ni 40. Laweza lisitokee mwaka mzima, lakini lawezekana, kwa hiyo kitabu kinene. Andiko la kwanza laweza kuwapa wote waliolingana bao moja moja, kwa kuona haki. Haki hiyo yazaa shida ya pili: ikiwa mshindi wa mashindano ni wa kwanza kufikisha mabao matano, na wawili waliokuwa na manne wakalingana, wote wamefika pamoja, na patahitajiwa kanuni ya tatu kuwaamua. Afadhali isemwe: waliolingana juu hawapati kitu. Hapo mabao huingia kwa mtu mmoja tu katika kila mchezo, na kufika pamoja hakuwezekani.

Kanuni hiyo yatosha hata kwa dai la uongo. "Dai likitolewa, mchezo ukome na alama za mdai zihesabiwe. Zikiwa 61 au zaidi, apate mabao mawili. Zikiwa chini ya 61, aliye na alama nyingi kuliko wenzake waliosalia apate bao moja. Wakilingana, asipate mtu." Mtu akidai mapema mno, wenzake wawili wakiwa hawajala hata alama moja, wamelingana kwa sifuri, na jibu limo katika maneno hayo hayo. Wakiwa wachezaji wawili, aliyesalia ni mmoja na hana wa kulingana naye.

Yamebaki makosa, nayo yasichanganywe na matukio ya nadra. Tukio la nadra hutokea kila mtu akiwa ametii. Kosa hutokea mtu asipotii. La kwanza ni sehemu ya mchezo na huamuliwa na kanuni. La pili huamuliwa kwa kutazama hasara iliyoingia na kama yaweza kurudishwa. Yakiwekwa katika sura moja, mchezaji mwema huona kama kwamba anashitakiwa kwa kupata sare.

Kosa linalotazamiwa kuliko yote katika Mbadala ni kusahau kuvuta. Dalili yake ni rahisi kuitambua, kwa sababu kila fungu linapoanza mikono yote huwa sawa kwa idadi. Akionekana mtu ana karata mbili na wenzake tatu, naye hajacheza katika fungu jipya, avute sasa. Karata atakayoivuta si ile aliyostahili kama wenzake wamekwisha kuvuta baada yake, lakini karata zote zilikuwa zimefunikwa na hakuna aliyejua, basi hapana aliyedhulumiwa. Isipokuwa mara moja tu: katika mvuto wa mwisho iliyobaki ni turufu iliyofunuliwa, nayo kila mtu aliijua. Aliyekuwa wa mwisho kwa zamu aliitazamia, naye amechukua iliyofunikwa kwa kuwa mwenzake alinyamaza. Hapo aliyesahau na wale waliovuta baada yake wabadilishane karata zao hadi kila mmoja apate ya zamu yake, ikiwa karata hizo hazijachanganyika na mikono. Zikiwa zimechanganyika, zibaki zilivyo, na aliyesahau achukue turufu. Mwenye kuona kwamba hukumu hii yamzawadia msahaulifu aweza kuandika nyingine. Ila aiandike kabla ya mchezo kuanza, na aseme ni katika hatua gani ruhusa ya kulalamika inakwisha. Katika Mbadala ruhusa hiyo yakwisha pale aliyesahau anapoweka mezani karata yake ya kwanza ya fungu jipya. Tangu hapo mchezo huo wafutwa, karata zagawiwa upya na mgawaji yule yule, na mabao yabaki kama yalivyokuwa.